Hewa au kisu: utumbo wa mtoto mchanga unapojimeza

Katika wiki moja ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha Lubumbashi karibu kila alasiri, tulipokea watoto wawili wenye ugonjwa mmoja. Wa kwanza alitoka Katuba: mvulana wa miezi 7, kilo 8, mnene na mwenye afya, aliyeanza kulia usiku na kufikishwa kwetu asubuhi. Wa pili alitoka Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi: msichana wa miezi 6, kilo 7, aliyefika siku ya tatu. Mvulana alipona kwa hewa tuliyomwingizia kwa njia ya haja kubwa, kazi isiyozidi robo saa mezani. Msichana tulimpasua, tukamkata sentimita 25 za utumbo.

Baba wa msichana alikuwa amesikia habari za mvulana pale kwenye korido. Aliniuliza, kofia mkononi: "Dokta, na ile ya mupepe haiwezekane?" Aliuliza kwa haki. Kama hewa inatosha kumponya mtoto bila jeraha, kwa nini mtoto wake apasuliwe? Nataka kulijibu swali lake hapa kwa kirefu, kwa sababu mzazi au muuguzi wa kituo cha afya akilielewa jibu mapema, mara nyingi anakuwa bado na nafasi ya kuchagua. Yule baba alipouliza, nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kupita.

Kinachotokea tumboni

Ukivua shati la mikono mirefu kwa haraka, sehemu ya mkono huingia ndani ya sehemu nyingine, na nguo inakuwa matabaka matatu mahali pamoja. Utumbo wa mtoto unaweza kufanya hivyo hivyo. Mara nyingi kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba huingia ndani ya utumbo mpana, pale chini kulia kwa tumbo, na kwa kuwa utumbo hausimami kusukuma, unaendelea kukivuta kipande hicho ndani kana kwamba ni chakula. Kinaweza kupanda upande wa kulia, kikapita chini ya ini, kikavuka tumbo kwenda kushoto. Hapa kwetu madaktari wanauita envajinasyo. Mimi nawaambia wazazi kwamba utumbo umejimeza, na wanaelewa papo hapo.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wa kati ya miezi 4 na 10, wavulana kuliko wasichana kidogo, na kwa kawaida ni watoto wanaonyonya vizuri. Wengi walikuwa na mafua au kuhara kidogo siku chache kabla. Virusi hivyo huvimbisha vitezi vidogo vilivyomo kwenye ukuta wa mwisho wa utumbo mwembamba, na uvimbe huo ndio unaokamatwa na kuvutwa. Hakuna kosa la mama hapo. Hakula kitu kibaya, wala hakumpa mtoto uji mapema mno. Nalisema hili kwa sauti wodini, maana mara nyingi bibi mmoja amekwisha kumlaumu mama kabla mimi sijafika.

Kipande kilichomezwa hakiendi peke yake. Kinavuta pamoja nacho utando unaobeba mishipa yake ya damu, na utando huo unabanwa shingoni pale penye mlango, kipande kilipoingilia. Mishipa ya kurudisha damu ina kuta laini na presha ndogo, kwa hiyo hiyo ndiyo inayofungwa kwanza. Ile ya kuleta damu bado iko wazi. Damu inaingia na haitoki, na utumbo unavimba kama kidole kilichofungwa uzi. Kadiri unavyovimba ndivyo mlango unavyozidi kubana. Ngozi laini ya ndani inaanza kuvuja damu na kamasi. Baadaye uvimbe unafikia kiwango cha kuifunga hata mishipa inayoleta damu, na kutoka hapo utumbo unakufa. Ukuta uliokufa hauwezi kuzuia vijidudu vya choo visitoke nje, hata kabla haujatoboka. Ndiyo maana saa zina uzito hapa kuliko katika homa nyingi za watoto. Hakuna saa maalumu ambayo utumbo wa kila mtoto hufa, lakini baada ya saa 24 uwezekano wa hewa kufanikiwa unashuka waziwazi na ule wa kukata utumbo unapanda, na baada ya saa 48 zaidi.

Uchaguzi wa kwanza ni amiba au envajinasyo

Kabla ya kuchagua kati ya hewa na kisu, kuna uchaguzi mwingine unaofanyika nyumbani na kwenye kituo cha afya, na huo ndio uliowatenganisha watoto hawa wawili.

Mama wa Katuba alinieleza hivi: "Analia, ananyamaza, analia tena. Ni kama mutu anamukata mu tumbo." Kilio cha kwanza kilimjia mtoto saa 4 usiku, akiwa usingizini. Alivuta magoti kifuani, uso ukapauka, akapiga kelele kwa dakika mbili au tatu, kisha akalegea na kulala. Baada ya kama robo saa, tena. Alitapika maziwa mara mbili. Saa 9 usiku alipata choo cha kawaida kabisa, na baba akasema yamekwisha. Hapo watu wengi hudanganyika. Choo kile kilikuwa kimekwisha kupita mahali palipoziba. Sehemu ya chini ya utumbo ilikuwa inajisafisha tu. Mama hakutulia, kwa sababu katikati ya vilio mtoto hakuwa yule anayemjua. Hakucheka, hakuangalia taa, alilegea kama nguo iliyoloa. Saa 12 asubuhi nepi ilikuwa na kamasi nyekundu ya kuvutika, kama konfitiri ya matunda iliyoyeyuka, bila mavi. Saa 3 walikuwa kwetu. Zilikuwa zimepita saa 11.

Mama wa Kipushi aliona karibu mambo yaleyale. Lakini alipofika kituo cha karibu siku ya kwanza, alitamka neno "damu", na neno hilo likapewa jina la amiba. Mtoto akaandikiwa dawa ya amiba na maji ya chumvi na sukari, wakarudi nyumbani. Siku ya pili matapishi yaligeuka kijani. Waliongezewa dawa nyingine. Siwalaumu sana waliomhudumia, maana kuhara damu ni jambo la kila wiki hapa, na envajinasyo mtu anaweza kukaa mwaka mzima kituoni bila kuiona. Ila tofauti ipo, na inaonekana kwa macho.

Mtoto wa kuhara damu anahara. Choo ni kingi, cha mara kwa mara, damu imechanganyika na mavi, mara nyingi ana homa tangu mwanzo, na maumivu yake hayana ratiba. Mtoto wa envajinasyo ana maumivu yanayokuja na kuondoka kama mtu anayebisha mlango, matapishi yanaanza mapema, choo ni kidogo au hakuna, na damu ikija inakuja na kamasi peke yake. Homa mwanzoni kwa kawaida haipo. Ukimshika tumbo wakati amelegea, unaweza kukuta uvimbe mrefu wa kama soseji, juu kulia chini ya mbavu, na pale chini kulia panakuwa patupu kama mfuko ulioachwa wazi. Lakini usisubiri uipate picha yote. Maumivu, uvimbe na damu kwa pamoja hupatikana kwa watoto wachache tu. Damu hasa ni dalili ya kuchelewa, kwa sababu ni utumbo wenyewe unaovuja. Wapo hata watoto wasiolia kabisa, ambao wanalegea tu na kupauka, na daktari anatafuta malaria au homa ya uti wa mgongo huku ugonjwa uko tumboni.

Kwa muuguzi aliye peke yake kituoni ninapendekeza jambo moja rahisi: muweke mtoto mapajani mwa mama yake na ukae naye kwa nusu saa, bila kumchoma sindano yoyote ya maumivu. Katika nusu saa hiyo utakiona kilio kikija na kikiondoka mara moja au mbili. Ukikiona kwa mtoto wa umri huo, na anatapika, mpeleke penye ekografi, ile mashine ya kupiga picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Kama matapishi ni ya kijani, hata hiyo nusu saa usiitumie. Kijani kwa mtoto mchanga maana yake njia imeziba mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ekografi kwanza

Kwa mvulana ekografi ilichukua dakika tano. Utumbo uliojimeza, ukikatwa kwa upana na picha, unaonekana kama duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Kwa urefu unafanana na figo. Wa kwake ulikuwa na upana wa sentimita 3 na kidogo. Mkono uliozoea haukosei mara nyingi. Na ekografi inasaidia kutenganisha jambo moja ambalo huwatia watu hofu bure: wakati mwingine kipande kidogo cha utumbo mwembamba humezwa na utumbo mwembamba mwenzake, upana wake haufiki hata sentimita 2, na kinajifungua chenyewe. Hicho hakihitaji hewa wala kisu, kinahitaji kuangaliwa tena baada ya muda.

Picha ya kawaida ya radiografi inaweza kuonekana safi kabisa huku mtoto akiwa na ugonjwa huu. Faida yake kubwa ni nyingine: inaonyesha kama kuna hewa iliyotoroka nje ya utumbo. Ikiwepo, mjadala wa hewa au kisu umefungwa.

Hewa, hatua kwa hatua

Watu wakisikia "tutampiga hewa" wanafikiri mtoto anapelekwa moja kwa moja kwenye mashine. Sivyo. Mtoto anayetapika usiku kucha amekauka, na damu yake imepungua maji. Mvulana tulimpa kwanza mililita 20 kwa kila kilo za maji ya mshipani, yaani mililita 160 za Ringa, na tukahesabu mapigo ya moyo na kuangalia kama vidole vinapata joto. Mpira mwembamba uliingizwa puani mpaka tumboni ili kutoa matapishi. Tukampima kundi la damu. Na daktari wa upasuaji alipewa taarifa kabla hatujaanza, wala si baada ya kushindwa, kwa sababu ambayo nitaieleza hivi punde.

Mezani, katheta laini iliingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na matako yakabanwa na kufungwa kwa plasta pana ili hewa isitoroke. Hii plasta inaonekana jambo dogo, lakini mara nyingi kushindwa kunatokana nayo: hewa inavuja nje, presha haipandi, na watu wanasema hewa imeshindwa wakati haikuingia. Hewa inasukumwa kwa mkono kupitia chombo chenye kipimo cha presha. Tulianza na milimita 80 za zebaki. Kwenye skrini ya fluoroskopi, ile radiografi ya picha zinazotembea, hewa nyeusi ilipanda utumbo mpana kutoka kushoto mpaka ikakutana na kichwa cha mviringo cha utumbo uliomezwa, kama ngumi inayoziba bomba. Kikasita, kisha kikaanza kurudi nyuma polepole: kikavuka tumbo, kikashuka upande wa kulia, kikakwama mlangoni pale pale kilipoingilia.

Mlangoni ndipo pagumu kila mara. Tukaachia hewa, mtoto akapumzika dakika chache. Jaribio la pili, milimita 100, kikatikisika tu. La tatu tulifika 120, na hatuvuki hapo mtoto akiwa ametulia. Kila jaribio halizidi dakika tatu. Mtoto akilia, kipimo kinaruka juu, lakini misuli ya tumbo inayokaza inausaidia utumbo kwa nje, ndiyo maana wengi wetu hatumlazi kwa dawa. Katika dakika ya pili ya jaribio la tatu uvimbe ulitoweka na hewa ikamwagika ghafla ndani ya utumbo mwembamba, katikati ya tumbo lote, kama povu. Hiyo ndiyo alama tunayoisubiri. Uvimbe ukitoweka bila hewa kumwagika kwenye utumbo mwembamba, usishangilie. Rudi kwenye ekografi uthibitishe. Mvulana alilala usingizi wa kweli kabla hatujamfungua plasta.

Mahali penye watu waliozoea, njia hii hufaulu kwa watoto zaidi ya 8 katika 10 waliofika mapema. Hatari yake kubwa ni utumbo kutoboka, jambo linalowapata kama mtoto 1 katika 100, na mara nyingi panapotoboka ni pale palipokuwa pamekwisha kufa. Ikitokea, hewa yenye presha inajaa tumboni, tumbo linakuwa gumu kama ngoma ndani ya sekunde, na mtoto hawezi kupumua kwa sababu mapafu yamesukumwa juu. Hapo hakuna muda wa kuita mtu. Sindano nene ya geji 18 inachomwa tumboni karibu na kitovu ili hewa itoke, na mtoto anaingia chumba cha upasuaji. Ndiyo sababu sindano hiyo inakaa mezani imefunguliwa tayari, na daktari wa upasuaji anajua kabla. Hospitali isiyo na mtu wa kumpasua mtoto mchanga haifai kumpiga hewa.

Kisu kinafanya nini ambacho hewa haiwezi

Msichana wa Kipushi alipofika, mapigo ya moyo yalikuwa 190, tumbo limejaa na kukaza, na ukiligusa tu aligugumia. Miguu ilikuwa baridi. Hizi ni dalili kwamba uchafu umekwisha kuvuja tumboni. Mtoto wa namna hii hapigwi hewa, hata kama baba anaomba, hata kama mashine ipo na inawaka. Kusukuma hewa juu ya ukuta uliooza ni kuutoboa. Na hata ukifaulu kuurudisha, unakuwa umerudisha tumboni kipande kilichokufa ambacho huwezi kukiona.

Tulitumia saa mbili na nusu kumwandaa: maji ya mshipani mara tatu, antibayotiki, damu. Saa hizo zinawaumiza wazazi, maana wanaona mtoto anakufa na sisi "tunangojea". Lakini mtoto aliyekauka akilazwa kwa dawa ya usingizi moyo wake unaweza kusimama mezani.

Jeraha lilikatwa kwa upana upande wa kulia wa kitovu. Kipande kilichomezwa hakivutwi. Daktari anakikamua kutoka mbele kurudi nyuma, kama mtu anayekamua dawa ya meno kwenye mpira wake, maana ukivuta unararua. Kwa watoto wengi wanaopasuliwa mapema kukamua huko kunatosha, utumbo unafunikwa kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, na rangi inarudi kutoka zambarau kwenda waridi ndani ya dakika chache. Kwa msichana huyu kilichotoka kilikuwa cheusi, hakina mwendo, kina harufu. Vitambaa havikukibadilisha. Zilikatwa sentimita 25, pamoja na ule mlango kati ya utumbo mwembamba na mpana, na ncha mbili zikashonwa pamoja.

Kisu kina faida ambazo nisingependa zisahauliwe kwa sababu tu kinatisha. Kinaona rangi ya utumbo, jambo ambalo hewa haiwezi. Kinapata chanzo kama kipo: kwa watoto waliovuka miaka 2 au 3, mara nyingi zaidi kuna kitu kilichovuta utumbo, kama kifuko cha Meckel ambacho mtoto huzaliwa nacho kwenye utumbo, polipu, au uvimbe wa saratani ya tezi za limfu, na hewa inarudisha utumbo lakini inakiacha kitu hicho palepale. Na ugonjwa haurudi mara nyingi baada ya upasuaji, wakati baada ya hewa unarudi kwa mtoto kama 1 katika 10.

Gharama yake ni jeraha, dawa ya usingizi kwa mwili mdogo, siku nyingi hospitalini, na mishikamano ya utumbo inayoweza kuziba njia hata miaka ijayo. Mvulana alikaa kwetu siku 3. Msichana siku 13, na kwa kuwa ule mlango wa utumbo umetolewa, alitoka na choo cha majimaji kilichochukua wiki kadhaa kutulia. Fedha nazo zinafuata mpangilio huohuo: bei zinatofautiana hospitali na hospitali, ila upasuaji wenye kukata utumbo unaimaliza familia kwa namna ambayo hewa haifanyi.

Hewa na fluoroskopi, au maji na ekografi

Njia ya kurudisha utumbo bila kisu si ngeni. Mdenmaki Harald Hirschsprung alichapisha matokeo yake ya kutumia presha ya maji mwaka 1876. Na maji bado yana nafasi kubwa katika miji kama yetu, ambako ekografi ziko nyingi kuliko fluoroskopi. Chupa ya maji ya chumvi yenye joto la mwili inaninginizwa mita 1 hivi juu ya meza, maji yanashuka kwa uzito wake, na daktari anafuata kwa ekografi mpaka aone maji yakivuka mlango na kuingia utumbo mwembamba. Mtoto hapati mionzi hata kidogo, na ekografi ndogo yenye betri haijali umeme ukikatika. Hewa ina kasi zaidi na hainyunyizi uchafu mwingi utumbo ukitoboka, lakini ikitoboka inajaza tumbo kwa sekunde, ambapo maji yanatoa nafasi kidogo ya kufikiri. Kati ya hizo mbili sioni sababu ya mzazi kuchagua. Achukue ile ambayo mkono wa hospitali aliyomo umeizoea. Barium, dawa nyeupe ya zamani, ningeiepuka: ikivuja tumboni inaacha uchafu usiosafishika.

Hapa kuna jambo linalonisumbua kila msimu. Wazazi wakisikia kwamba tunaingiza hewa au maji kwa nyuma, wengine wanasema, basi ni lavema, hata nyumbani tunafanya. Sivyo hata kidogo. Kile kipira cha mkononi chenye maji ya tangawizi, pilipili au majani hakina kipimo cha presha, hakuna anayeona kinakofika, na maji yenyewe yanaunguza ngozi ambayo tayari imevimba. Nimeona utumbo uliotoboka baada yake. Mtoto mwenye vilio vya kuja na kuondoka asiguswe na kipira hicho.

Uende wapi

Kwa wazazi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi, au wa Kipushi, swali halisi usiku ule ni kupanda gari la kwenda wapi. Kabla ya kuondoka, au mkiwa njiani, mtu mmoja apige simu na kuuliza mambo matatu: kama ekografi inafanyika saa hii na si kesho asubuhi, kama kuna daktari anayewapasua watoto wachanga pamoja na mtu wa kuwalaza kwa dawa, na kama wanarudisha utumbo kwa hewa au maji. Nimeyapanga kwa makusudi. Hilo la tatu ni zuri likiwepo, lakini mawili ya kwanza ndiyo yanayookoa mtoto.

Maana yake ni kwamba, ukiwa kwenye hospitali yenye upasuaji tu, na ile yenye hewa iko mbali kiasi cha kufika kesho, kubali kisu. Utumbo ambao leo unaweza kukamuliwa na kurudi waridi, kesho utakatwa. Lakini kama yenye hewa iko ng'ambo ya mji, mtoto hana tumbo gumu, amepewa maji na mapigo yametulia, na mtaondoka sasa hivi, basi safari hiyo inafaa. Mwambie muuguzi aandike saa ya kilio cha kwanza kwenye karatasi ya rufaa. Ni kitu cha kwanza ninachokitafuta, na mara nyingi hakipo. Njiani msimlazimishe uji wala dawa ya kunywa, atazitapika na zinaweza kuingia mapafuni.

Hewa ikishindwa si lazima kisu kifuate palepale. Kama utumbo ulirudi sehemu kubwa ya njia na mtoto yuko imara, tunaweza kusubiri nusu saa au zaidi na kujaribu tena, maana uvimbe hupungua kidogo baada ya jaribio la kwanza. Kama haukusogea kabisa, hatupotezi muda.

Baada ya hapo

Mvulana alianza kunyonya jioni ileile. Nilimwambia mama yake kwamba hatari ya kurudi ni kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo, na kwamba alama yake ni ileile aliyoijua. Usiku wa pili, saa 8, alikuja mwenyewe kwenye meza ya wauguzi na simu mkononi. Alikuwa ameandika humo: 7.20, 7.38, 7.55. Muuguzi aliyekuwa zamu alisema huenda ni gesi. Mama akasema hapana, na akakaa pale mpaka nikaitwa.

Ekografi ilionyesha duara ndani ya duara tena. Kurudi hivyo hakumaanishi lazima kupasua; kwa mtoto wa umri wake ambaye hana dalili mbaya, hewa inarudiwa. Tulianza na milimita 80 tena, na kabla hatujaongeza, utumbo ulifunguka.

Msichana alirudi kuonwa baada ya miezi mitatu. Amefika kilo 8 na nusu, kovu limefifia. Kwa kuwa amepoteza mwisho wa utumbo mwembamba, mahali ambapo vitamini B12 hufyonzwa, tutampima damu yake katika miaka ijayo, na karatasi inayosema hivyo baba yake ameifunika kwa plastiki na kuiweka pamoja na kadi ya chanjo.